Barua ya Kudai Mshahara Uliozidi, na Hesabu Iliyo Nyuma Yake

Mshahara uliolipwa kupita stahiki aghalabu hauzaliwi na wizi wala hila, bali na mstari mmoja katika orodha ya mishahara ambao ulipaswa kufutwa usifutwe: posho ya kukaimu iliyoendelea kulipwa baada ya mwenye cheo kurejea kazini, nyongeza iliyoingizwa mara mbili, au likizo bila malipo ambayo ofisa utumishi aliidhinisha na mhasibu asiarifiwe. Kosa la namna hiyo halijitangazi. Huingia benki mwezi baada ya mwezi pamoja na mshahara halali, likachanganyika na unga, nauli na ada za watoto, na siku linapogunduliwa, ama kwa ukaguzi wa nusu mwaka ama kwa kuwa mtu mpya amekabidhiwa orodha ile na jicho lake bado ni kali, fedha yenyewe imekwisha kutumika na lililobaki ni deni. Ndipo mwajiri anapolazimika kuandika barua ambayo ni ngumu kuliko inavyodhaniwa, kwa maana yampasa adai kilicho chake, akidai kidogo kidogo, na katika kudai huko asimtie mtu na watu wa nyumba yake katika dhiki.

Barua nyingi za jinsi hii nilizopata kuzisoma hulitekeleza sharti hilo la tatu kwa maneno matupu. Hufunguliwa kwa taadhima, hufungwa kwa shukrani, na katikati yake husimama kiasi cha fedha ambacho mwandishi hakukipima hata kidogo na maisha ya anayeandikiwa. Rai yangu katika makala haya ni kwamba huruma ya barua hiyo, ikiwa ipo, imo katika hesabu iliyofanywa kabla ya kalamu kugusa karatasi, na kwamba hesabu yenyewe ina sehemu mbili zinazokosewa mno: kiasi gani hasa kinadaiwa, na kwa mwendo gani kirudishwe.

Tuanze na sheria, walau kwa ufupi, maana ndiyo inayoweka uzio. Tanzania Bara tunayo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, na kifungu chake cha 28, kama kilivyotungwa, kinamkataza mwajiri kukata chochote katika ujira isipokuwa makato hayo yawe yanatakiwa au yanaruhusiwa na sheria, mkataba wa hali bora, amri ya mahakama au tuzo ya usuluhishi, au mfanyakazi mwenyewe awe ameridhia kwa maandishi kwa ajili ya deni. Kifungu hichohicho, baada ya kumkataza mwajiri kumdai mfanyakazi arudishe ujira aliokwisha kulipwa, kinatoa ruhusa moja tu, nayo ni ya malipo yaliyozidi kwa sababu ya kosa katika kukokotoa ujira. Basi haki ya kudai ipo. Lakini msomaji atazame vizuri kwamba ruhusa hiyo haisemi deni likatwe kwa mkupuo, wala haisemi likatwe siku ileile kosa lilipogunduliwa. Na wakili mwenye ulimi mwepesi anaweza kuuliza, na swali lake si la upuuzi, iwapo posho iliyosahauliwa kusimamishwa ni kosa la kukokotoa au ni uzembe wa ofisi ambao sheria haikuukusudia. Mwajiri mwenye hadhari hangoji kujibiwa swali hilo na msuluhishi. Anatafuta ridhaa ya maandishi, na ridhaa hiyo ndiyo barua inayotafutwa.

Kenya wamelisema jambo hili waziwazi zaidi. Sheria yao ya Ajira ya mwaka 2007, katika kifungu cha 19, inataja kwa jina lake kiasi kilicholipwa kimakosa kuwa miongoni mwa vitu ambavyo mwajiri aweza kukata, kisha inaweka mpaka: jumla ya makato yote yaliyoorodheshwa humo, kwa wakati mmoja, isizidi theluthi mbili za ujira. Kwetu Bara kifungu cha 28 kinataja robo ya ujira wa fedha, lakini robo hiyo imewekwa kwa ajili ya hasara au uharibifu uliosababishwa na mfanyakazi. Hata hivyo mtu aliyeharibu gari la kampuni kwa uzembe wake hakatwi zaidi ya robo. Itakuwa ajabu gani basi kumkata zaidi ya hapo mtu ambaye hakuharibu chochote, ambaye kosa lake lote ni kwamba alilipwa? Ndiyo maana naona robo ile, ingawa haikutungiwa jambo hili, yafaa ichukuliwe kuwa dari, na dari si mahali pa kuanzia. Lipo vilevile lile wazo la kale zaidi, lililomo katika Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1949 juu ya kulinda ujira, kwamba ujira ulindwe usichukuliwe kwa madeni kwa kadiri inavyohitajika ili mfanyakazi na jamaa yake waweze kuishi. Na kwa wasomaji wetu wa pwani, ambao wengi wao hawahitaji kukumbushwa, imo amri ya aya ya 280 ya Sura ya Al-Baqara kwamba mdaiwa aliye katika uzito apewe muhula.

Sasa tuchukue mfano, na tuufuate hadi mwisho. Mtunza ghala mmoja wa kampuni ya usafirishaji Dar es Salaam ana mshahara wa shilingi 800,000 kwa mwezi. Alikaimu nafasi ya mkuu wa ghala kwa miezi mitatu, akilipwa posho ya kukaimu ya shilingi 240,000, na kukaimu kwake kukakoma tarehe 31 Januari. Posho haikukoma. Iliendelea Februari, Machi, Aprili, Mei na Juni, na mwanzoni mwa Julai ndipo mkaguzi alipoiona. Mwajiri akazidisha 240,000 kwa 5, akapata 1,200,000, na barua ya kwanza ikaandikwa kudai kiasi hicho.

Hapo ndipo penye kosa la pili, ambalo kwa maoni yangu ni zito kuliko la kwanza, maana la kwanza lilikuwa la kusahau na hili ni la kutofikiri. Mtunza ghala huyu hakupata kuishika shilingi 1,200,000. Bila posho, mshahara wake wa 800,000 hukatwa asilimia 10 ya mchango wa Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, yaani 80,000, na kinachobaki, 720,000, hutozwa kodi ya mapato kwa viwango vinavyotumika tangu Julai 2021, nayo huwa 60,000. Hivyo baada ya hayo mawili anabakiwa na 660,000. Alipoongezewa posho, ujira ghafi ulikuwa 1,040,000, mchango ukapanda hadi 104,000 kwa kuwa kampuni yake huchangia juu ya malipo yote ya fedha, na kodi ikapanda hadi 112,000, kwa sababu sehemu ya fedha hiyo ilivuka mpaka wa 760,000 na kuingia katika daraja linalotozwa asilimia 25. Alibakiwa na 824,000. Toa 660,000 katika 824,000, na utaona kwamba posho ya 240,000 ilimfikia mkononi kama 164,000 tu. 24,000 zilikwenda kwenye mfuko wa hifadhi na 52,000 kwa Mamlaka ya Mapato. Kwa miezi mitano, basi, kilichomfikia ni 820,000. Zile 380,000 zilizosalia hakuziona kwa macho, na kumdai yeye ni kumtaka alipe kutoka mfukoni mwake fedha iliyomo katika hazina za wengine.

Wapo wahasibu wanaolifahamu jambo hili na wanaolikwepa kwa njia ambayo kwa juu inaonekana ya insafu kabisa. Hawamkati katika mshahara uliokwisha kutozwa kodi, bali hupunguza ujira ghafi wenyewe: kila mwezi wanaondoa 100,000 kabla ya kodi na mchango, kwa miezi 12, hata 1,200,000 zitimie, wakitumaini kwamba kodi itashuka kwa kiasi kilekile ilichopanda. Haishuki hivyo. Ujira ghafi wa 700,000 huacha, baada ya mchango wa 70,000 na kodi ya 42,000, shilingi 588,000 mkononi, yaani pungufu ya 72,000 kwa mwezi. Na 72,000 mara 12 ni 864,000. Mtu aliyepokea 820,000 amerudisha 864,000. Tofauti ya 44,000 imetokea kwa kuwa posho ilipoingia, sehemu yake ilitozwa asilimia 25, na inapotoka inarudishiwa kodi kwa asilimia 20 peke yake. Hakuna aliyekusudia kumdhulumu, walakini amedhulumiwa, na namna pekee ya kuitambua dhuluma hiyo ni kuziweka hati za mshahara kando kwa kando, ya mwezi wa kabla ya kukaimu na ya mwezi wowote wenye kosa, na kutazama tarakimu ya mwisho kabisa chini ya ukurasa.

Kwa hiyo kiasi cha kudai ni 820,000. Kodi na michango iliyozidi, pamoja na ile sehemu ambayo mwajiri mwenyewe aliichangia kwenye mfuko juu ya posho isiyostahiki, ni juu ya mwajiri kuifuatilia. Ndiye aliyeipeleka, ndiye mwenye kumbukumbu za kila mwezi, na ndiye anayejulikana huko. Ni kazi yenye usumbufu, sikatai. Lakini usumbufu wa kurekebisha ritani hauwezi kuwa hoja ya kumhamishia mtunza ghala deni la 380,000.

Likishajulikana deni ni kiasi gani, laja swali la mwendo, na hapa pana jambo ambalo waandishi wa barua hizi hawalioni kwa kuwa wanatazama mshahara bila kutazama nyumba. Mtunza ghala wetu analipa mkopo wa saccos, shilingi 160,000 kwa mwezi, unaokatwa palepale kazini, na utakwisha Januari ijayo. Kwa hiyo katika miezi ya kosa alikuwa akienda nyumbani na 664,000, na kosa likisharekebishwa atakwenda na 500,000. Kabla hata ya senti moja ya deni kukatwa, nyumba yake imekwisha kupungukiwa 164,000, karibu robo ya fedha aliyozoea. Mwajiri akija na kanuni inayopendwa sana, kwamba lililolipwa kwa miezi mitano lirudishwe kwa miezi mitano, atakata 164,000 nyingine, na mtu huyu atashuka ghafula kutoka 664,000 hadi 336,000, yaani nusu. Kanuni ile ina sura ya uadilifu, maana muda ni sawa kwa sawa. Athari yake ndani ya nyumba ni maradufu. Na angalia kwamba 164,000 haifiki hata ile robo ya mshahara tuliyoitaja, ambayo hapa ni 200,000. Dari la sheria linaweza kuheshimiwa na dhiki ikawa palepale.

Ndiyo sababu makato ya ngazi ni bora kuliko makato ya sawasawa, maadamu ngazi zenyewe zimepangwa kufuata miezi ya mfanyakazi, si miezi ya ofisi. Miezi haifanani. Mpangaji wa Dar es Salaam aghalabu hulipa kodi ya nyumba kwa mkupuo wa miezi mitatu au sita, na mtunza ghala wetu hulipa ya sita mwishoni mwa Oktoba. Agosti hadi Oktoba, basi, ni miezi ya kuweka akiba. Januari ni mwezi wa shule, na mwanawe anasoma shule ya kulipia. Februari mkopo wa saccos utakuwa umekwisha, na fedha mkononi itapanda hadi 660,000. Ukiyajua hayo, mpango unajiandika wenyewe: Julai asikatwe kitu, kwa kuwa ndio mwezi wa taarifa na wa kuzoea mshahara uliopungua, Agosti, Septemba na Oktoba akatwe 50,000 kila mwezi, Novemba na Desemba 80,000, Januari asikatwe, na kuanzia Februari hadi Juni akatwe 102,000. Ukijumlisha, 150,000 na 160,000 na 510,000 ni 820,000 kamili. Hakuna mwezi ambao atakwenda nyumbani na pungufu ya 420,000, na deni linakwisha kabla ya muhula wa Julai. Mwajiri amesubiri mwaka mzima badala ya miezi mitano. Kwa kampuni ya usafirishaji, kusubiri huko ni jambo dogo mno.

Lakini mwajiri atayajuaje mambo ya kodi ya nyumba na ada? Hapa ndipo penye sentensi ambayo imo karibu katika kila barua na ambayo ningependa iondolewe: kwamba iwapo makato haya yatakuletea ugumu wowote, usisite kutuarifu. Ina sura ya wema. Kazi yake halisi ni kumtwisha mfanyakazi mzigo wa kujieleza, kwenda mbele ya meza ya ofisa utumishi na kufunua madeni, ndwele na mambo ya chumbani mwake ili aonekane anastahili kuhurumiwa. Na mtu wa kwetu mwenye staha, akiulizwa hivyo na mkubwa wake, atajibu kwamba hakuna shida, kisha atakwenda kukopa kwa mkopeshaji wa mtaani kwa riba ambayo sipendi kuitaja. Kimya chake kitasomwa kuwa ridhaa. Heri barua iweke mbele yake njia zaidi ya moja, achague kwa kutia alama, bila kuulizwa kwa nini, na nafasi iachwe ya yeye kuandika mpango wake mwenyewe. Sitara ya mtu huhifadhiwa hivyo, na mwajiri bado anapata saini yake.

Yapo pia mambo ya namna ya kupeleka, nayo nitayapitia upesi. Barua isifike siku ya mshahara wala baada ya makato kuanza. Isipitie mikononi mwa msimamizi wa zamu ambaye hana haja ya kujua. Isitumwe katika kundi la simu la wafanyakazi, jambo ambalo mtu angedhani halihitaji kusemwa. Ofisa utumishi amwite mhusika, amweleze kwa mdomo kwa dakika chache, ampe barua na kiambatisho chake, na amwambie aende nayo nyumbani. Mtu asiombwe saini akiwa bado amesimama.

Na barua yenyewe, kwa mfano wetu, ingeweza kusomeka hivi:

"YAH: MALIPO YALIYOZIDI KATIKA MSHAHARA WAKO, FEBRUARI HADI JUNI

Ndugu,

Katika kukagua orodha ya mishahara ya nusu mwaka tumegundua kosa letu. Posho ya kukaimu, uliyoistahili hadi tarehe 31 Januari, tuliendelea kukulipa kwa miezi mitano iliyofuata kwa sababu ofisi ya utumishi haikuiarifu ofisi ya uhasibu kwamba kipindi chako kimekwisha. Wewe hukuhusika na kosa hilo, na barua hii si ya kinidhamu.

Kiasi kilichokufikia mkononi bila kustahiki ni shilingi 164,000 kwa mwezi, jumla shilingi 820,000. Hesabu ya kila mwezi imeambatishwa pamoja na nakala za hati zako za mshahara. Kodi na michango iliyokatwa juu ya posho hiyo hatukudai wewe. Tutaifuatilia sisi wenyewe. Deni hili halina riba.

Tunaomba ridhaa yako lirudishwe kwa makato ya mshahara. Mwezi wa Julai hatutakata kitu. Kuanzia Agosti unaweza kuchagua shilingi 164,000 kwa miezi mitano. Au shilingi 82,000 kwa miezi kumi. Au makato ya ngazi, madogo kwanza na makubwa baadaye, kwa miezi utakayoitaja wewe, mradi deni liishe ifikapo mwisho wa Juni mwakani. Huna haja ya kutueleza sababu ya uchaguzi wako.

Iwapo unaona sababu, kiasi au hesabu si sahihi, tuandikie kabla ya tarehe 31 Julai. Hatutakata chochote kabla ya kukujibu kwa maandishi. Unaweza kushauriana na tawi la chama cha wafanyakazi au mtu mwingine yeyote unayemwamini kabla ya kutia saini.

Ukipatwa na jambo kubwa katikati ya muda huu, unaweza kuomba mwezi mmoja upitishwe bila makato, na mwezi huo utasogezwa mwishoni. Kila hati yako ya mshahara itaonyesha kiasi kilichokatwa na salio la deni."

Msomaji ataona kwamba barua hii haina maneno mengi ya pole, na sikuyasahau. Mwajiri anayesema "tuliendelea kukulipa" amekwisha kubeba lawama kwa sarufi yenyewe, ilhali yule anayeandika "umebainika kuwa umekuwa ukipokea" humfanya mtunza ghala aonekane kama aliyekamatwa, na aya tatu za kuomba radhi haziwezi kuufuta ubaya wa sentensi hiyo moja. Ataona pia kwamba ile ahadi ya kutokata kabla ya kujibu imewekwa bila masharti. Kwa hasara iliyosababishwa na mfanyakazi, kifungu cha 28 kinamtaka mwajiri aeleze kwa maandishi sababu, kiasi na ukokotoaji wa deni, na ampe nafasi ya kutosha ya kuyapinga. Aliyelipwa zaidi kwa kosa la wengine hawezi kupewa heshima pungufu ya hiyo.

Nafasi hiyo ya kupinga si adabu tupu. Tuseme mtunza ghala anarudi na hati ya makabidhiano inayoonyesha kwamba mkuu wa ghala, ingawa likizo yake iliisha Januari, hakurejea hata mwisho wa Februari, na kwamba funguo na leja zilikuwa mikononi mwa mtunza ghala muda wote huo. Barua ya kukaimu ina tarehe moja, kazi iliyofanyika ina nyingine. Katika hali hiyo posho ya Februari ni ujira wake halali, deni linakuwa la miezi minne, shilingi 656,000, na mwajiri aliyekwisha anza kukata angekuwa amekata kisichokuwa chake. Katika makosa ya posho za kukaimu, jambo hili ni la kutazamiwa, kwa kuwa watu hurejea kazini kwa tarehe zisizo zile za barua. Mwajiri asome kwanza hati za makabidhiano, ndipo azidishe miezi.

Na je, ikiwa alijua? Ikiwa aliiona posho kila mwezi katika hati yake, akajua kwamba hakaimu tena, akanyamaza? Wapo waajiri wanaosema kwamba aliyenyamaza hastahili muhula. Mimi naona maswali haya mawili yatenganishwe. Kunyamaza, kukithibitika, kunaweza kuwa suala la nidhamu, lenye utaratibu wake wa kusikilizwa. Lakini kasi ya kulipa deni si adhabu, na uwezo wa nyumba yake kubeba 164,000 haubadiliki kwa kuwa alijua au hakujua. Fauka ya hayo, kuthibitisha kwamba mtu alijua si rahisi hata kidogo mahali ambapo hati za mshahara hutumwa kwa simu na watu wengi hutazama tu salio la benki. Anayechanganya deni na nidhamu katika barua moja hupata mfanyakazi aliyeogopa, na saini ya mtu aliyeogopa ni dhamana dhaifu siku shauri linapofika kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Kama mfanyakazi ataacha kazi kabla ya Juni, salio huwa ni jambo la kusawazishwa katika malipo yake ya mwisho, na hapa napo mkataba wa makato useme mapema ni nini kitakachotokea, kwa maana kukata salio lote la, tuseme, 408,000 katika mshahara wa mwisho na malipo ya likizo ya mtu anayetoka kazini bila kazi nyingine ni kuitengua kwa siku moja subira ya mwaka mzima. Mpango ule ule wa mwezi kwa mwezi unaweza kuendelea kwa malipo ya benki. Baadhi hawatalipa, ni kweli. Mwajiri anayeogopa hasara hiyo akumbuke kwamba njia nyepesi ya kuiepuka ilikuwa ni kuandika tarehe ya mwisho ya posho katika programu ya mishahara siku ileile posho ilipoanzishwa, kazi ya nusu dakika.

Neno la mwisho ni kwa ofisa utumishi atakayekuwa na jalada hili mezani. Makato ya Juni yakishaingia, usiliache deni lijifie lenyewe katika orodha, kwani mstari wa makato nao husahauliwa kama ulivyosahauliwa mstari wa posho, na wapo waliokatwa mwezi wa ziada na miwili kwa sababu hiyo. Ufunge mstari huo, hakikisha hati ya mshahara ya Julai haina makato yale, kisha mwandikie mhusika barua ya sentensi moja kwamba shilingi 820,000 zimelipwa zote na hadaiwi kitu, na nakala yake uitie jaladani.